Haradali, "njano iliyokolea", kipande au namba: uagize rangi vipi ukiwa Lamu?

Ukiwa Amu na kitambaa chako kiko dukani Mombasa, rangi hutangulia kusafiri kwa maneno. Kitambaa hufuata baadaye, kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Maneno yakikosea, hakuna wa kuyarekebisha njiani, na wewe utajua siku mzigo unapofunguliwa.

Mimi ni mshonaji, hapa Langoni, na kazi yangu kubwa ni sare za harusi. Harusi moja ya miaka iliyopita niliagiza kwa simu "njano iliyokolea". Akilini mwangu nilikuwa naiona ile njano tulivu inayokaribia ukahawia, ambayo wenye maduka huiita mastadi. Kilichokuja ni njano kali ya koti la mvua, inayoumiza macho ukiitazama juani. Nilikasirika kwanza, halafu nikakaa nikafikiri, nikaona kwamba muuza duka hakunidanganya. Alinipa njano iliyokolea. Kosa lilikuwa katika neno nililolichagua. Kurudisha mzigo na kuleta mwingine kulinila siku nne na nauli ya kwenda na kurudi, na bibi harusi alikuwa akipita kila asubuhi kuuliza.

Tangu siku hiyo nimejaribu njia nne za kuitaja rangi kwa mtu ambaye hanioni: jina la rangi pamoja na sifa yake, jina la kitu ambacho kila mtu anakijua, kipande cha kitambaa chenyewe, na namba. Zote ninazitumia bado. Hapa naziweka kando kwa kando, ili anayesitasita ajue ya kwake ni ipi kwa kazi aliyo nayo.

Kwanza, tunapima nini

Kila rangi ina mambo matatu ndani yake. Kuna aina yake: ni njano, ni buluu, ni kijani. Kuna nuru yake: iko karibu na weupe au imeingia gizani. Na kuna nguvu yake: imeiva kabisa au imepauka, kama iliyochanganywa na jivu. Koti la mvua na haradali ni za aina moja, zote ni njano. Zinatofautiana kwa nuru na kwa nguvu, maana koti lina nuru nyingi na nguvu tele, na haradali imeingia giza kidogo na nguvu yake imepunguzwa.

Sasa tazama neno "kukolea". Sisi tumelizoea kwenye chai. Chai inapopata nguvu, huingia giza papo hapo, kwa hiyo neno moja hutosha kwa mambo mawili. Nyekundu huenda vivyo hivyo, na buluu pia, kwa sababu buluu yenye nguvu kuliko zote ni ya giza kwa asili yake. Njano haifuati njia hiyo. Njano yenye nguvu kuliko zote ndiyo pia yenye nuru nyingi, na ukiitia giza haiwi njano kali zaidi. Inaondoka, inakuwa haradali, kisha inaingia ukahawia au ukijani wa zeituni. Basi "njano iliyokolea" ni maneno yenye njia mbili zinazoachana. Mmoja anaelekea kwenye nguvu, mwingine anaelekea kwenye giza, na wote wawili wanasema Kiswahili sahihi.

Kwa hiyo maswali yangu kwa kila njia ni haya. Je, asiyeiona rangi atayashika mambo yote matatu? Je, inasemeka kwenye simu bila kuzunguka? Inagharimu pesa na siku ngapi? Na je, nikihitaji kitambaa hichohicho baadaye, itanirudisha palepale?

Jina la rangi na sifa yake

*Inavyofikisha.* Ndiyo ya haraka na haigharimu chochote. Katika Kiswahili ni rangi tatu tu zenye shina linalobadilika kufuata jina: kitambaa cheusi, nguo nyeusi, kitambaa chekundu, nguo nyekundu, kitambaa cheupe, nguo nyeupe. Hizo tatu hazihitaji maelezo mengi. Kwa buluu na nyekundu, "iliyokolea" hukufikisha karibu, kwa sababu niliyoitaja. Na ikiwa duka lina aina tatu tu za kijani, "kile chenye giza zaidi" kinatosha kabisa.

*Inapokwama.* Kwenye njano, kama nilivyoonja mwenyewe, na kwenye mpaka wa buluu na kijani, ambako watu wawili waliosimama mbele ya jora moja huita kila mmoja jina lake. Hata "hafifu" ina shida ileile ya "kukolea". Mmoja anaelewa rangi iliyotiwa weupe, kama pipi ya watoto. Mwingine anaelewa rangi iliyopauka kama nguo iliyoanikwa juani msimu mzima. Hizo ni rangi mbili mbali kabisa.

*Inamfaa nani.* Aliyesimama dukani, ambaye neno lake kazi yake ni kuuelekeza tu mkono wa muuzaji kwenye rafu. Na anayeagiza kitu ambacho rangi ikipishana kidogo hapana madhara, kama bitana au uzi wa kushikizia.

Jina la kitu kinachojulikana

*Inavyofikisha.* Nguvu ya njia hii ni kwamba kitu kimoja hubeba mambo yote matatu kwa pamoja. Ukisema "haradali ya chupa", hukusema njano tu. Umesema njano, umesema giza lake, umesema na kupoa kwake, kwa neno moja. "Damu ya mzee" ni mfano wa zamani na bado ninauona kuwa mzuri kuliko yote: nyekundu, yenye giza, isiyong'aa. Mfanyabiashara wa nguo akilisikia hakuulizi swali la pili.

Lugha yetu yenyewe imejengwa hivi. Kijani kimetoka kwenye majani, na wazee wa pwani wana chanikiwiti yao, yenye jani bichi ndani yake. Manjano ni kile kiungo cha jikoni. Kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu. Hata kaki ilianzia kwenye neno la Kiajemi na Kiurdu la vumbi, na ile tili inayoagizwa siku hizi, buluu yenye ukijani, Waingereza waliipata kwa bata mdogo mwenye alama ya rangi hiyo kichwani. Kuita rangi kwa jina la kitu si mtindo mpya wa mitandaoni.

*Inapokwama.* Hapa nitakaa, kwa sababu watu wengi wanaishika njia hii nusu nusu, kisha wanasema haifai.

Jambo la kwanza ni kwamba jina la kitu huchakaa. Manjano yalipokuwa kiungo tu, kuyataja kulikuwa kutaja rangi moja. Leo mtu akisema "rangi ya manjano" anaweza kuwa anasema ndizi, kifaranga au limau. Neno limepanuka hadi limekuwa jina la aina nzima, na hali hiyo imeipata zambarau na kahawia pia. Dawa yake ni kukirudisha kitu chenyewe na kukitaja hali yake. Usiseme kahawia, sema kahawa chungu kikombeni, au kahawa ya maziwa, au buni iliyokaangwa. Rangi tatu hizo hazikaribiani.

Hali ya kitu ndiyo inayosahaulika zaidi. Zambarau tunda likiiva ganda lake linakaribia weusi, na ile zambarau tunayoifikiria ni ya maji yake, ile inayobaki ulimini. Manjano mabichi ukiyakata ni karibu na chungwa, na yakisagwa unga huwa njano. Mbegu za haradali zipo za kahawia na zipo za njano, na haradali ya chupa ni jambo jingine tena. Makuti mabichi ni kijani, makavu ni ya kijivu chenye ukahawia. Kila ninapotaja kitu sasa, najiuliza: kibichi au kikavu, kizima au kilichosagwa, nje au ndani?

La pili ni mahali. Neno bizari huku kwetu huweza kuwa mchanganyiko wa viungo vya mchuzi, na kwa mtu wa Unguja likawa manjano yenyewe. Ukimwagizia mtu "rangi ya bizari", mmoja atakuletea ya kahawia na mwingine ya njano. Kitu unachokichagua lazima kiwe kilekile jikoni kwako na jikoni kwake.

La tatu ni vitu visivyo na rangi moja. Mteja wangu mmoja alitaka "rangi ya bahari ya Shela". Nilimwambia twende pamoja tukaitazame. Penye mchanga na maji machache ilikuwa feruzi changa, katikati ya mkondo ilikuwa buluu nzito, na jioni ileile ilikuwa ya risasi. Alicheka akaniambia, "Basi dada, nataka ile ya katikati, saa sita mchana." Hiyo sasa ilikuwa rangi. Embe lina tabu hiyohiyo, na anga pia.

Kwa hiyo jina la kitu peke yake halitoshi kila mara. Mimi huliongezea majirani wawili. Namwambia muuzaji rangi yangu itaonekanaje ikiwekwa kando ya rangi moja inayofanana nayo upande huu, na kando ya nyingine upande wa pili. Mtu akishajua mipaka ya pande zote mbili, nafasi ya kupotea inakuwa ndogo.

Mfano kamili ni harusi iliyofuata, ambayo familia ilitaka magauni ya haradali na mitandio ya feruzi yenye giza. Nilimpigia muuza duka, mtu mzima aliyenijua kwa sauti tu.

"Ami, nataka haradali."

"Ya mbegu au ya chupa, mwanangu?"

"Ya chupa, lakini si ile mbichi. Ile iliyokauka mdomoni pa chupa."

Akanyamaza kidogo. "Ukiiweka kando ya ndizi mbivu?"

"Ndizi itang'aa, yangu itatulia."

"Na kando ya kaki?"

"Kaki itaonekana vumbi, yangu itaonekana njano."

"Hapo nimekufahamu. Ninayo majora mawili na nusu, ya mkupuo mmoja."

Angalia alichokifanya yule mzee. Hakusema "sawa" nilipotaja haradali. Aliirudisha rangi kwangu kwa vitu vyake mwenyewe, na ndivyo nilivyojua kwamba tunaona kitu kimoja. Kama muuzaji wako haulizi, muulize wewe: "Kwenu mnaifananisha na nini?" Akijibu "kama kiini cha yai", ujue bado hamjakutana, na simu iendelee.

Mitandio ilikuwa ngumu zaidi. Feruzi ni jiwe, na jiwe lenyewe linatoka kwenye buluu hadi kwenye kijani. Ukisema feruzi peke yake, wengi wanafikiria ile changa yenye nuru. Nilisema hivi: "Feruzi iliyotiwa wino. Ukiiweka kando ya nevi ionekane ya kijani. Ukiiweka kando ya kijani cha chupa ionekane ya buluu." Majirani hao wawili ndio walioifunga kazi. Ingekuwa nevi kidogo tu zaidi, jaribio la kwanza lingeikataa. Ingekuwa kijani zaidi, la pili lingeikataa.

Kuhusu gharama, simu ile haikufika dakika tatu. Magauni yalikuwa ya wanawake 16, mita 4 kila moja, na ya wasichana wawili, mita 2 kila mmoja, jumla mita 68. Jora la yadi 30 ni kama mita 27 na nusu, kwa hiyo majora mawili na nusu yalinipa mita 68 na nusu. Nilikata kwa moyo wa hofu, lakini niliikataa fikra ya kuongeza kitambaa cha jora jingine. Majora mawili yaliyotiwa rangi siku tofauti huitwa jina moja na bado hupishana, na wanawake wakisimama mstari mmoja kupiga picha, kila mtu huona.

Hapo ndipo ukomo wa njia hii ulipo. Jina zuri hukufikisha kwenye rangi, halikufikishi kwenye jora. Baada ya miezi sita "haradali iliyokauka mdomoni pa chupa" itakuletea jamaa wa karibu wa kitambaa chako, na pengine asiwe yuleyule.

*Inamfaa nani.* Anayeagiza kwa sauti, anayechagua rangi kwa mara ya kwanza, na anayezungumza na mtu aliyekulia vyakula na vitu vilevile. Inawafaa sana na wale ambao familia haijaafikiana. Bibi harusi anaposema tili na shangazi yake anasema kijani, vitu hutuliza ubishi haraka kuliko majina, kwa sababu kila mmoja anaweza kwenda kukileta akakiweka mezani.

Kipande cha kitambaa

*Inavyofikisha.* Kipande hakihitaji neno. Mambo matatu yamo, na la nne pia ambalo majina hayalibebi vizuri, yaani mng'aro. Satini na pamba zilizotiwa rangi ileile hazionekani sawa, kwa sababu satini hurudisha nuru upande mmoja na kuingia giza upande mwingine.

*Inapokwama.* Kinachukua siku. Lazima mtu akibebe, na mara nyingi mimi humpa abiria ninayemwamini kuliko kukituma peke yake. Pia kipande hudanganya kikitumiwa vibaya. Ukikata kwenye nguo iliyofuliwa na kuanikwa, umekata rangi iliyokwisha pauka. Chukua ndani ya pindo, ambako jua halikufika. Kipande kiwe angalau sentimita 10 kwa 10, kwa sababu ukanda mwembamba hauonekani kama kitambaa kipana. Kitambaa chepesi kikunje mara mbili au nne ili nuru isipite. Na linganisha mlangoni, mchana. Vitambaa viwili vilivyotiwa dawa tofauti za rangi vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani, kisha vikatoka nje vikaachana. Nimewahi kushona mikono ya gauni usiku kwa kitambaa cha pili na asubuhi nikaifumua yote.

*Inamfaa nani.* Anayeongeza kwenye kitu kilichopo: dada aliyetoka safarini na sare haimtoshi, zulia la kuambatana na mapazia, kiraka. Pale ambapo "karibu" haitoshi, njia nyingine zote ni za kusaidia tu, hii ndiyo ya kutegemea.

Namba na picha ya simu

*Inavyofikisha.* Kwenye kioo cha simu au kompyuta rangi huandikwa kwa alama sita, mbili za wekundu, mbili za kijani, mbili za buluu, kila jozi kutoka `00` hadi `FF`. Tili ya orodha ya kawaida ya kurasa za mtandao ni `#008080`: wekundu hakuna, kijani na buluu nusu kwa nusu. Ukipunguza mbili hizo hadi `#00555A` unapata ile yenye giza. Ukimpa mchoraji wa kadi za harusi namba hiyo, atafungua rangi ileile uliyoichagua wewe, hata akiwa Nairobi, na mwaka ujao bado itakuwa ileile. Maduka ya rangi za nyumba nayo yana kadi zao zenye namba, na ukitaja namba ya kadi yao, mashine inachanganya vilevile tena.

*Inapokwama.* Namba ni ya kioo, si ya uzi. Muuza vitambaa hana mahali pa kuisoma. Na jina likigeuzwa namba haliwi moja: kuna orodha inayoiandika haradali `#FFDB58`, yenye nuru, na kuna nyingine, iliyotokana na watu wengi kuulizwa mtandaoni rangi waionayo wanaiitaje, inayoiandika `#CEB301`, iliyotulia zaidi. Gauni langu lilikuwa karibu na hiyo ya pili. Ukimwambia mchapaji "haradali" bila namba, usishangae akikupa ya kwanza.

Picha ya simu ina matatizo yake. Kamera hujirekebisha yenyewe kufuata taa, kwa hiyo njano iliyopigwa chini ya balbu yenye mwanga wa umanjano hutoka imepoa, na siku nyingine hutoka chungwa. Feruzi nzito ndiyo inayoonewa zaidi, maana vioo vingi vya simu havifiki kwenye nguvu yake na huisogeza kwenye buluu. Simu ikiwa kwenye hali ya usiku, kila kitu kina umanjano. Ikibidi picha, piga kivulini mchana, na weka karatasi nyeupe kando ya kitambaa ili anayepokea aone nyeupe yako imegeuka kiasi gani. Usichukue namba ya rangi kutoka kwenye picha ya WhatsApp ukaiamini. Utakuwa umechukua rangi ya ile taa pamoja na ya kitambaa.

*Inamfaa nani.* Kadi, mabango, nembo, na rangi ya ukutani inayochanganywa kwa mashine.

Kwa hali yako

Ikiwa unachagua rangi ya sare kwa mara ya kwanza na duka liko mbali, anza na kitu, kitaje hali yake, kisha toa majirani wawili. Subiri muuzaji akurudishie kitu chake. Ukiweza, omba na picha ya kivulini yenye karatasi nyeupe, lakini kama picha na maneno vinagombana, rudi kwenye maneno na uulize tena.

Ikiwa ni buluu au nyekundu na una muda mchache, sifa ya kawaida itakubeba. Ikiwa ni njano, usiitumie hata kwa kitu kidogo. Taja ndizi mbivu, kiini cha yai, unga wa manjano, samli au haradali, na mtu atajua.

Ikiwa kitambaa cha kwanza kimekwisha na mtu mmoja amebaki bila gauni, tuma kipande cha ndani ya pindo, hata kama harusi iko karibu. Siku mbili za kusubiri basi ni nafuu kuliko gauni linaloonekana la harusi nyingine. Na kama jora lile halipo tena, ni bora mtu huyo avae rangi ya mitandio kabisa.

Ikiwa kadi na nguo zinatakiwa zifanane, nunua nguo kwanza. Kadi huweza kufuata kitambaa, kwa sababu mchapaji ana rangi zote. Kitambaa hakiwezi kufuata kadi, kwa kuwa duka lina majora yake tu. Peleka kipande kwa mchapaji, akikaribie kwa macho, halafu mwombe akuandikie namba aliyofikia.

Na ukishapokea mzigo ukaridhika, kata kipande cha kiganja, kibandike kwenye daftari, na andika kando yake kitu ulichokitaja, majirani wake wawili, na idadi ya mita. Mimi ninalo daftari hilo. Ukurasa wa harusi ile umeandikwa "haradali kavu ya mdomo wa chupa, kati ya ndizi na kaki", na juzi yule ami alipopokea simu yangu nilimsomea kama ulivyo. Akaniambia jora hilo limekwisha zamani, ila analo lililolala karibu na kaki kidogo zaidi, na kama nataka atanitumia kipande kwanza.